Kivuko, Ukingo, Daraja: Bei ya Kusimulia Nyakati Tatu Katika Insha Moja

Mwanangu ana miaka tisa. Tulipokuwa tukivuka Mto Kilombero kutoka Ifakara kwenda Lupiro, kondakta alitaja Kivukoni, mtoto akageuka dirishani na kuniuliza, "Mama, kivuko chenyewe kiko wapi?" Nilimjibu kwa sentensi moja: kilikuwepo, sasa kuna daraja. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikunitosha, kwa sababu mto ule nimeujua mara tatu. Niliuvuka kwa kivuko mwaka 1994, nikiwa na umri wake, nikiwa na bibi yangu. Januari 2016 nilisimama ukingoni nisiweze kuuvuka, kivuko kikiwa kimepinduka na Bibi akiwa mgonjwa upande wa pili. Sasa ninapita juu ya Daraja la Magufuli, mita 384 za zege zilizozinduliwa Mei 2018, na safari iliyokuwa ikitula nusu siku inaisha kabla mtoto hajamaliza swali lake.

Nikaamua kuiandika insha hiyo. Ukomo niliopewa ulikuwa maneno 1,200. Niliiandika mara tatu, kila mara kwa mpangilio tofauti, na kila nakala nikampa msomaji asiyekuwa amesoma nyingine. Hapa naweka hesabu ya mipangilio hiyo mitatu, kwa anayetaka kuchagua kabla hajatumia wiki zake.

Unalipa nini

Kila unapomtoa msomaji wakati mmoja kumpeleka mwingine, unalipa mara mbili. Malipo ya kwanza ni maneno. Lazima umwambie sasa yuko lini, yuko wapi, na yuko na nani. Nilipohesabu katika nakala zangu, alama hizo za wakati zilikuwa zikila maneno kama 15 kila ninaporuka. Ukiyapunguza sana, msomaji anapotea. Ukiyazidisha, insha inakuwa kalenda.

Malipo ya pili hutoka kwa msomaji. Mtu akiingia wakati mpya huhitaji sentensi mbili tatu kabla hajatulia na kuanza kuona alichokuja kuonyeshwa. Ukimhamisha kabla hajatulia, hasemi kitu. Anarudisha macho juu ya ukurasa. Hicho ndicho kipimo changu. Nilikaa karibu na kila msomaji na kuweka alama ya penseli kila mahali macho yake yaliporudi nyuma.

Mpangilio wa kwanza: mfululizo

Huu unafuata miaka ilivyopita. Nakala yangu ya kwanza ilianza 1994, ikaja 2016, ikamalizia leo, kila wakati ukichukua kama maneno 400. Miruko ni miwili tu, kwa hiyo gharama ya alama ni maneno 30 hivi. Kwa maneno hakuna mpangilio wa bei ndogo kuliko huu, na hakuna unaopoteza watu wachache kuliko huu. Shaaban Robert alisimulia maisha yake kwa namna hii, na hata jina la sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, linamweleza msomaji amesimama wapi kabla hajafungua ukurasa.

Msomaji wangu wa nakala hii alikuwa dada yangu, anayelima mpunga Lupiro. Macho yake hayakurudi nyuma hata mara moja. Lakini alipofika katikati ya safari ya 1994 aliniuliza, "Haya yote ya Bibi na kivuko unayasema kwa sababu gani?" Hakuwa amepotea njia, alikuwa hajaambiwa anakokwenda. Swali la mtoto, ambalo ndilo lililonifanya niandike, lilikuwa limekaa mwishoni kabisa, maneno 900 mbele yake.

Hasara ya mfululizo ni hiyo. Sababu ya kusimulia hukaa mwisho, na msomaji hulazimika kukuamini mpaka afike. Katika kitabu kizima mtu anaweza kukuamini. Katika kurasa tatu za gazeti wengi hawana subira hiyo. Mfululizo unafaa kama wakati wa kwanza una swali lake mwenyewe linaloshika tangu sentensi ya kwanza: mtu anatafutwa, deni linadaiwa, maji yanapanda.

Mpangilio wa pili: fremu

Picha ya ukutani ina mbao kuizunguka. Insha ya fremu huanza leo, ikaingia jana na juzi, kisha ikarudi leo. Nakala yangu ya pili ilifungua darajani na swali la mtoto kwa maneno 200, ikaenda kwenye kivuko kwa 400, ikaja ukingoni 2016 kwa 400, ikafunga darajani kwa 200. Miruko mitatu, maneno 45 ya alama. Kwa maneno 15 zaidi ya mfululizo nilinunua kitu kikubwa: msomaji alijua tangu mwanzo kwa nini tunarudi nyuma, na alijua tutarudi wapi.

Kuna unachopoteza. Ukifungua darajani, umeshakiri kwamba daraja lilijengwa na kwamba wewe ulifika salama. Fumbo la "itakuwaje" limekwisha. Kwangu hasara hiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu lililobaki halikuwa "je, alivuka?" bali "je, alimkuta?" Kabla hujachagua fremu jiulize ni siri gani wakati wa leo unaifichua, na kama insha yako inaishi kwa siri hiyo.

Hatari nyingine ya fremu ni kufunga kwa kurudia ufunguzi. Ukirudi darajani na kusema yale yale, msomaji anaona ametembezwa bure. Leo ya mwisho lazima iwe na kitu ambacho leo ya kwanza haikuweza kuwa nacho. Mimi niliacha swali la mtoto bila jibu pale mwanzo, nikalijibu mwishoni kwa maneno ambayo yasingeeleweka kabla ya kumjua Bibi.

Mpangilio wa tatu: ukili

Anayesuka ukili huchukua miyaa kadhaa akapitisha mmoja juu ya mwingine kwa zamu, kila mmoja ukitokeza na kupotea. Nakala yangu ya tatu ilikuwa hivyo: kivuko, ukingo, daraja, kisha tena nyakati hizo tatu kwa zamu iliyobadilika, raundi tatu kwa jumla. Vipande tisa, miruko minane, maneno 120 ya alama. Hiyo ni sehemu moja kati ya kumi ya insha nzima, na bado kila kipande kimebakiwa na maneno kama 120, ambayo ni aya moja nono au mbili nyembamba.

Msomaji wa nakala hii alikuwa rafiki yangu mwalimu, msomaji hodari. Alama za penseli zilikuwa saba. Tano kati yake ziliangukia kwenye sentensi ya kwanza au ya pili ya kipande kipya. Hata hivyo alisema jambo ambalo wasomaji wengine hawakulisema: alipoona mkono wangu wa utotoni umeshika pindo la kanga ya Bibi, na mara moja katika kipande kilichofuata mkono ule ule ukubwani umeshika kamba tupu ukingoni, aliacha kusoma kwa muda. Nyakati mbili zilikuwa zimegusana. Ukili huuza mguso huo, na mipangilio mingine miwili haiwezi kuutoa kwa nguvu ile.

Basi ulipie ukili kama unao mguso wa namna hiyo mara mbili au tatu, na kama kila wakati una hadithi isiyokwisha inayomfanya msomaji atake kuurudia. Kama wakati mmoja hauna jambo linalosubiriwa, mwaa huo utalegea na ukili wote utafumuka. Wangu ulilegea kwenye wakati wa leo: darajani hakukuwa na kinachotokea zaidi ya gari kupita.

Mwandishi mwenye nafasi kubwa ana uwezo mwingine. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2005 inaanza katika mji mdogo wa pwani mwaka 1899, ikaja Zanzibar ya miaka ya 1950, na msimulizi wake anaandika akiwa Uingereza. Nyakati tatu, lakini kila moja imepewa kurasa nyingi za kutulia. Mwenye maneno 1,200 akiiga ukubwa huo wa hatua anaanguka.

| Mpangilio | Miruko | Maneno ya alama | Unachopata | Unachopoteza |
|---|---|---|---|---|
| Mfululizo | 2 | kama 30 | hakuna anayepotea | sababu ya kusimulia inachelewa |
| Fremu | 3 | kama 45 | sababu iko mwanzoni | mwisho wa safari unajulikana |
| Ukili | 8 | kama 120 | nyakati zinagusana | msomaji hatulii |

Alama za bei nafuu: kitu kimoja kwa kila wakati

Nakala zangu za kwanza zilitumia tarehe. "Mwaka 1994," "Mnamo Januari 2016," "Hivi leo." Tarehe ni alama ya kweli lakini haishiki. Msomaji akishasoma mistari kumi, namba imemtoka, na asipoiona tena hajui kama bado yumo.

Kinachoshika ni kitu kinachoweza kuwepo katika wakati mmoja tu. Mto wangu ulinipa vitu hivyo bure. Pakiwa na kivuko kinachotembea na Bibi amesimama, ni 1994. Pakiwa na ukingo na kamba tupu, ni 2016. Pakiwa na daraja, ni leo. Nikaweka sheria: kitu hicho lazima kionekane katika sentensi ya kwanza ya kila kipande, na kisionekane kabisa katika kipande cha wakati mwingine. Sheria ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Januari 2016 daraja lilikuwa likijengwa, na nilitamani sana kulitaja. Nililitoa. Ukweli huo ulikuwa mzuri, lakini ungemfanya msomaji aone daraja mahali ambapo nilimtaka aone ukingo mtupu.

Msimu hufanya kazi hiyo hiyo. Bondeni Kilombero, gunia la mpunga mpya njiani kwenda kuuzwa linamwambia mtu mavuno, na matope na mto uliojaa vinamwambia mvua. Safari yangu ya 1994 ilikuwa na gunia. Siku ya 2016 ilikuwa na matope. Msomaji wa bondeni hakuhitaji kuambiwa mwezi. Kwa msomaji wa Tanga au Nairobi niliongeza maneno matatu tu, "baada ya mavuno."

Alama ambazo Kiswahili kinakupa ndani ya kitenzi

Kosa lililonigharimu alama nyingi za penseli lilikuwa silabi moja: -ka-. Kitenzi chenye -ka- hakina wakati wake. Hukopa wakati wa kitenzi kilichotangulia na kusonga nacho mbele. Ndani ya kipande kimoja ni hazina. Mwanzoni mwa kipande kipya ni mtego. Niliandika hivi:

"Usiku ule nililala Ifakara bila kuvuka.

Bibi akanipa pindo la kanga nishike."

Mwalimu alidhani Bibi amefika Ifakara usiku ule, naye alikuwa mgonjwa Lupiro. Nafasi tupu kati ya aya haikusaidia, kwa sababu -ka- iliruka juu ya nafasi hiyo na kuushika usiku wa 2016. Marekebisho:

"Usiku ule nililala Ifakara bila kuvuka.

Kwenye kivuko, nikiwa na miaka tisa, Bibi alinipa pindo la kanga nishike. Nikalishika kwa mikono miwili. Kivuko kikaondoka, watu wakanyamaza."

Kitenzi kikuu cha kwanza kimechukua -li-, na -ka- zinazofuata zinakopa kwake. Pitia insha yako na uangalie kitenzi cha kwanza cha kila kipande. Ukikuta -ka-, umepata mahali msomaji atakapopotea.

Msaada wa pili ni "alikuwa ame-." Nyakati zangu mbili za zamani zote zilitaka -li-, na msomaji akakosa kujua ipi ni ya zamani zaidi. Ukiwa umesimama 2016 na unataka kushuka 1994, tumia muundo huu kama mlango: "Bibi alikuwa amenivusha mto huu kabla sijajua kuogelea." Sentensi moja au mbili zinatosha. Msomaji akishaingia, rudi kwenye -li- ya kawaida. Mimi mwanzoni niliendelea na "alikuwa amesimama, alikuwa amefunga, alikuwa amesema" kwa ukurasa mzima. Kila kitenzi kiliongeza neno moja, na masimulizi yakawa kama mtu anayetembea na gunia kichwani. Mlango ni wa kuingilia. Hakuna anayekaa mlangoni.

Msaada wa tatu ni kuutengea wakati mmoja -na-. Wengi wetu tukisimulia kwa mdomo husema, "Basi naona mto umejaa, watu wanakimbia," ingawa jambo ni la zamani. Mdomoni sauti inasaidia. Kwenye karatasi, kama leo yako inatumia -na-, usiipe 2016 -na- hiyo hiyo. Vivyo hivyo "leo," "jana" na "sasa." Katika kipande cha zamani andika "siku ile," "siku iliyotangulia," "hapo." Viashiria pia vina kazi: "daraja hili" ni la leo, "kivuko kile" ni cha mbali. Nilipogeuza kila "hiki" kuwa "kile" katika vipande vya 1994, alama mbili za penseli zilitoweka bila kuongeza neno.

Bibi yupi?

Mtego ambao sikuutarajia ulitoka ndani ya familia. Katika 1994, "Bibi" ni mama mzaa mama yangu, na "Mama" ni mama yangu. Katika leo, mwanangu anasema "Bibi" akimaanisha mama yangu, na "Mama" akimaanisha mimi. Katika fremu, mtoto alisema darajani, "Bibi atakuwa ametupikia wali." Kurasa mbili baadaye Bibi akafariki. Dada wa jirani niliyempa nakala hiyo alishtuka: amefariki huyu anayepika?

Nilichagua kwamba jina "Bibi" peke yake ni la mtu mmoja, yule wa kivuko, katika insha nzima. Mama yangu nikamwita "mama yangu" kila mahali, na mtoto nikampa maneno "Bibi wa Lupiro," ambayo ndivyo anavyomwita kweli akitaka kumtofautisha na bibi yake wa upande wa baba. Gharama ilikuwa maneno mawili. Kabla hujaanza kuandika, tengeneza safu tatu kwenye karatasi, wakati mmoja kila safu, na chini yake andika kila mtu anaitwaje na ana umri gani. Jina likitokea katika safu mbili kwa watu wawili, amua hapo hapo.

Jinsi ya kupima kabla ya kuchagua

Huna haja ya kuandika insha nzima mara tatu kama nilivyofanya. Chukua karatasi tatu za A4, kunja kila moja mara mbili na kuikata. Unapata vipande 12. Kwenye kila kipande andika tukio moja na sentensi yake ya kwanza tu. Vipange mezani kwa mfululizo, kisha kwa fremu, kisha kwa ukili. Kila mara msomee mtu sentensi hizo za kwanza kwa sauti, bila maelezo, na baada ya kila moja umuulize mambo matatu: tuko lini, tuko wapi, na Bibi yu hai au hayupo? Akijibu yote bila kusita, kipande hicho kinajisimamia. Akisita, tatizo liko katika sentensi hiyo, na kubadilisha mpangilio hakutaiponya.

Kisha hesabu. Zidisha miruko kwa 15 na uone ni sehemu gani ya maneno uliyopewa inaliwa. Kwa maneno 1,200 ningeishia miruko minne. Kwa 3,000 ukili wa vipande tisa unawezekana, kwa kuwa kila kipande kinapata zaidi ya maneno 300 na msomaji ana mahali pa kukaa.

Mimi nilichagua fremu, nikaazima kutoka kwenye ukili mguso mmoja tu: pindo la kanga linafunga kipande cha kivuko, na kamba tupu inafungua kipande cha ukingoni, bila kitu kingine katikati. Mkono uleule, miaka 22. Bibi alifariki usiku ule niliolala Ifakara, na kipande cha ukingoni kinaishia hapo bila maelezo.

Halafu tunarudi darajani, na swali la mtoto bado linasubiri. Katika nakala ya mwisho namwambia kwamba kivuko kilikuwa pale chini, na kwamba aliyenivusha alisimama safari nzima ili mimi nikae juu ya gunia. Mtoto anatazama maji. Kisha anashika pindo la kanga yangu, na gari linaingia upande wa Ulanga.